UZI: Kazi za ndege nje ya urubani. Nini kinasimama kati ya cheti cha chuo na haki ya kutia saini?

Chipukizi_wa_Anga
Wakuu, habari za wakati huu. Nimemaliza sekondari, fizikia na hesabu nimefaulu vizuri. Urubani siutaki, naomba nisishawishiwe. Ninachotaka ni kazi ya ndege, na nimebakiza tatu kichwani: ufundi wa ndege, uongozaji wa ndege, na uhudumu wa ndani ya ndege. Ninauegemea zaidi ufundi.

Kila tangazo la chuo linasema "utahitimu na leseni". Nimeuliza watu wawili, mmoja kasema ni kweli, mwingine kacheka. Nikimaliza chuo nitakuwa na leseni kweli? Na kama sivyo, ni kitu gani kinabaki katikati?

Nati_na_Bolti
Aliyecheka alikuwa na sababu, ingawa alipaswa akueleze.

Kazi zote tatu zina milango miwili. Wa kwanza ni karatasi ya jumla inayosema umefunzwa na umepimwa. Wa pili ni ruhusa ya kitu kimoja mahususi. Kwa fundi, kitu hicho ni aina ya ndege. Kwa mwongoza ndege ni kituo, yaani mnara huu au chumba hiki cha rada. Kwa mhudumu ni shirika lenyewe na aina za ndege zake. Chuo hukufikisha mbele ya mlango wa kwanza, na mara nyingi hakikufungulii hata huo.

Nitasema ya ufundi, wengine watajazia. Kanuni za nchi nyingi zimejengwa juu ya Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Hicho kinataka fundi mwenye leseni awe na miaka 18 au zaidi, afaulu mitihani, na awe na uzoefu wa miaka 4 kwenye ndege, au miaka 2 kama amepita kozi iliyoidhinishwa. Soma hapo tena: hata ukipita kozi nzuri kuliko zote, miaka 2 ya uzoefu bado ipo. Kwa hiyo siku ya mahafali unakuwa na cheti cha kozi na matokeo ya mitihani, lakini leseni huna.

Mfumo ulioenea ni ule wa EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, unaoitwa Part-66, na nchi nyingi nje ya Ulaya zimeuiga kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo nitautumia kama mfano. Una A kwa kazi ndogo za kila siku, B1 kwa muundo wa ndege, injini na umeme wake, B2 kwa avioniki, yaani mifumo ya elektroniki ya ndege, na C kwa anayeidhinisha ndege nzima inapotoka kwenye matengenezo makubwa ya hanga. B1 imegawanyika, na anayelenga ndege za abiria za jeti anataka B1.1. Hiyo ina moduli 13, kuanzia hesabu na fizikia hadi sheria za anga, injini za tabaini na propela. Kila moduli ina maswali ya kuchagua jibu, chache zina na insha pia, na alama ya kufaulu ni 75. Ukipata 74 umeanguka, na kwa kawaida unasubiri siku 90 kabla ya kurudia moduli hiyo.

Mitihani ni kazi, lakini si hapo watu wanapokwama. Wanakwama kwenye uzoefu.

Kipanga_Mweusi
Mkuu, usimtishe kijana. Akisoma digrii ya uhandisi wa anga hahitaji mizunguko hii, digrii ni kubwa kuliko leseni. Halafu B1 ni mitambo tu, waya haruhusiwi kuugusa. Anayetaka kila kitu asome B2.

Nati_na_Bolti
Kipanga, nusu umepatia. Digrii inakubalika kama njia ya kufikia C, na hata hapo inadaiwa miaka 3 ya kufanya kazi katika mazingira ya matengenezo ya ndege za kiraia, ikiwamo miezi 6 ya kushuhudia kazi za hanga. Mwenye digrii bila hayo anaweza kuajiriwa ofisini, akapanga ratiba za matengenezo, akachora marekebisho, na ni kazi yenye heshima yake. Lakini hawezi kutia saini kwamba gurudumu limefungwa sawasawa. Digrii na leseni hazipandi ngazi moja, kwa hiyo hakuna kubwa wala ndogo hapo.

Kuhusu B1, mifumo ya umeme ya ndege imo ndani ya haki zake. Jenereta, betri, nyaya za umeme, vyote anavifanyia kazi na kutia saini. Hata kwenye avioniki anaweza kubadilisha kisanduku kama jaribio la kuthibitisha kwamba kinafanya kazi ni rahisi, la ndio au hapana. Inapofika kutafuta hitilafu ndani ya mifumo ya urambazaji au rubani otomatiki, hapo anaitwa B2.

Spana_13
Samahani kuingilia. Mimi ni fundi magari, miaka 7 kwenye gereji, injini za dizeli na gia zote nafungua na kufunga. Nikienda kwenye ndege hiyo miaka 7 inahesabika? Maana nimesikia kuna punguzo la miaka kwa mafundi.

Mkaguzi_Kimya
Spana, punguzo lipo, ila halihesabu miaka ya gereji. Kwa B1.1 kwenye mfumo huo, asiye na mafunzo yoyote ya ufundi anadaiwa miaka 5 ya uzoefu kwenye ndege zinazofanya kazi. Mwenye mafunzo ya ufundi ambayo mamlaka ya anga imeyakubali kuwa yanahusiana anadaiwa 3. Aliyepita kozi kamili iliyoidhinishwa anadaiwa 2. Kinachokutoa kwenye 5 kukupeleka kwenye 3 ni cheti cha mafunzo ya fani, sio muda uliokaa gereji. Kama ulijifunza kwa kuangalia tu, huna cha kuwasilisha. Kama una cheti cha chuo cha ufundi chenye orodha ya masomo na saa, kipeleke kwa mamlaka ya anga uombe jibu la maandishi KABLA hujalipa ada popote.

Spana_13
Cheti ninacho, cha miaka miwili, ila hakina orodha ya masomo. Nitarudi chuoni kuiomba.

Chipukizi_wa_Anga
Wakuu, mmesema watu hukwama kwenye uzoefu. Wanakwamaje? Mtu akikaa hangani miaka 2 si imeisha?

Nati_na_Bolti
Haijaisha, kwa sababu hangani unaweza kukaa miaka 2 ukifagia, ukishika tochi na kufungua skrubu za sakafu. Mamlaka haitaki kujua ulikaa wapi. Inataka kujua ulifanya nini, kwenye ndege ipi, kwa kufuata kitabu gani, chini ya macho ya nani. Hayo yote yanaandikwa kwenye daftari la uzoefu. Nakupitisha kwenye kazi moja uone: kubadilisha gurudumu kuu la ndege ya abiria ya ukubwa wa A320.

Kabla ya kugusa chochote unafungua mwongozo wa matengenezo wa ndege hiyo, toleo linalotumika leo. Nakala uliyochapa mwezi uliopita haifai. Unahakikisha pini za kufunga miguu zimeingia na magurudumu mengine yamewekewa vigingi, halafu unainua mhimili kwa jeki. Tairi hiyo ina shinikizo la karibu psi 200, mara tano au sita ya tairi ya gari dogo, na gurudumu lenyewe ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa bolti. Kama baadhi ya bolti zimekatika, nati ya mhimili inaweza kuwa ndiyo inayosaidia kuzuia vipande visiachane. Ukiifungua na hewa ikiwa bado imo, gurudumu linaweza kupasuka likakuua. Ndiyo maana hewa hutolewa kwanza kama mwongozo unavyoelekeza.

Gurudumu jipya likishaingia, nati inakazwa mara mbili, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Mara ya kwanza unakaza kwa nguvu kubwa huku mwenzako anazungusha gurudumu, ili beringi zikae mahali pake. Halafu unalegeza. Halafu unakaza tena kwa nguvu ndogo zaidi, na hiyo ndiyo inayobaki. Asiyezungusha gurudumu anapata namba sahihi kwenye spana, lakini beringi haijakaa. Ndege ikitua mara kadhaa beringi inajisogeza, nati inakuwa imelegea, joto linapanda, na mwisho wake ni beringi kusagika au gurudumu kuchomoka. Kosa jingine ni wosha ya mhimili kubaki imenasa kwenye gurudumu la zamani linalorudishwa karakana, na fundi asiione kwa kuwa hakuhesabu vipande. Dalili ipo: nati inaingia mbali kuliko kawaida, au kifungio chake hakilingani na matundu. Hapo usilazimishe. Fungua uanze upya.

Mwisho unajaza naitrojeni. Hewa ya kawaida haitakiwi kwa sababu ina oksijeni na unyevu, na breki za ndege hupata moto mkali. Kwa ndege kubwa, oksijeni ndani ya tairi haitakiwi kuzidi asilimia 5.

Sasa daftari. Mwanafunzi mvivu anaandika "nimebadilisha tairi". Hiyo haina thamani. Inayokubalika inakuwa na tarehe, usajili wa ndege, aina ya ndege, sura ya mwongozo, hapa ya 32 ambayo ni ya magurudumu na miguu, nafasi ya gurudumu (tuseme namba 3), namba kamili ya kazi kama ilivyo kwenye mwongozo, na kwamba ulitoa na kufunga wewe mwenyewe au ulisaidia tu. Kisha jina la msimamizi, namba ya leseni yake, na saini yake ya siku hiyo hiyo. Ongeza namba ya spana uliyokazia na tarehe ya mwisho wa upimaji wake. Sio kila fomu inaiuliza, lakini ukiizoea hutakaza nati kwa spana iliyopitwa na muda.

Mkaguzi_Kimya
Naongezea upande wa anayelisoma daftari, maana maombi mengi yanarudishwa kwa sababu zilezile.

Ya kwanza ni kurasa kujaa sura moja. Mtu ana kazi 300, na 220 ni magurudumu, breki na mafuta ya injini, kwa sababu kituo chake kinafanya ukaguzi wa safari hadi safari tu. Ameshika kazi, hilo halina ubishi, lakini leseni anayoomba inamruhusu pia kugusa mabawa ya kuongozea ndege, sura ya 27, haidroli, sura ya 29, na hewa ya kabini, sura ya 21. Anaambiwa akatafute kazi hizo. Miezi 8 inapotea. Kinga yake ni kuhesabu kwa sura kila baada ya miezi 3, ukiona pengo umuombe msimamizi akupeleke zamu ya hanga.

Ya pili ni saini za siku moja. Kazi za miezi 14 zimesainiwa kwa kalamu ileile, wino uleule, mwandiko haujabadilika hata kidogo. Mkaguzi akishaona hivyo anachukua kazi tano na kuzilinganisha na kitabu cha kumbukumbu cha ndege. Ikitokea siku unayosema ulibadilisha pampu, ndege yenye usajili huo ilikuwa inaruka, au kazi ilisainiwa na zamu nyingine, basi si kazi hiyo moja inayofutwa. Daftari zima linaingia mashakani, na jina la aliyekusainia nalo.

Ya tatu ni msimamizi asiye na haki. Kuwa na leseni hakutoshi. Lazima awe na ruhusa kwenye aina hiyo ya ndege siku anayokusimamia. Muulize bila aibu. Fundi anayejiheshimu hakasiriki kuulizwa.

Chipukizi_wa_Anga
Asante sana, hapa nimepata kitu. Kwa hiyo leseni ikitoka ndio naanza kusaini?

Nati_na_Bolti
Bado. Leseni ya B1.1 ikitoka inakuwa tupu upande wa aina za ndege. Ili utie saini kwenye A320 au 737 unahitaji kozi ya aina hiyo, nadharia na vitendo. Na kama ndiyo aina yako ya kwanza kwenye daraja hilo, unaongezewa mafunzo kazini chini ya msimamizi. Baada ya hapo aina inaandikwa kwenye leseni. Halafu kampuni ya matengenezo yenyewe inakupa ruhusa yake, yenye muhuri au namba yako. Bila ruhusa ya kampuni, leseni yenye aina kumi haikupi haki ya kuidhinisha ndege ndani ya kampuni hiyo.

Na ruhusa inataka ubaki kazini: angalau miezi 6 ya kazi za matengenezo ndani ya kila miaka 2. Leseni yenyewe inahuishwa kila miaka 5.

Marekani ni tofauti, wasije watu wakachanganya. Kule cheti cha FAA kina sehemu mbili, muundo na injini. Uzoefu ni miezi 18 kwa mojawapo au 30 kwa zote mbili, alama ya kufaulu ni 70, halafu kuna mtihani wa mdomo na wa vitendo mbele ya mtahini. Aina za ndege haziandikwi kwenye cheti.

Kipanga_Mweusi
Basi dawa ni moja: dogo alipie kozi ya A320 mapema, akienda kuomba kazi tayari anayo. Waajiri wanapenda mtu aliyekamilika.

Mkaguzi_Kimya
Kipanga, kozi ya aina ya ndege ina tarehe ya kuisha. Nadharia na vitendo vinatakiwa viwe vimeanza na kukamilika ndani ya miaka 3 kabla ya kuomba aina iandikwe kwenye leseni. Mtu analipia nadharia akiwa hana leseni ya msingi, vitendo hana pa kuvifanyia kwa sababu hana mwajiri mwenye ndege hiyo, miaka 3 inapita, fedha imekwenda. Aanze na leseni ya msingi.

Nati_na_Bolti
Hapa sikubaliani na mkaguzi moja kwa moja. Kama leseni tupu tayari ipo mkononi na mtu amepata ahadi ya maandishi ya nafasi ya vitendo, kulipia mwenyewe kunaweza kumfupishia foleni kwa mwaka au zaidi. Tatizo ni nadharia bila vitendo. Nadharia na vitendo vikiwa mkataba mmoja, mimi nisingemkataza.

Mkaguzi_Kimya
Ahadi ya maandishi ya nafasi ya vitendo huonekana mara chache kuliko unavyosema, mkuu. Lakini sawa, kwa sharti hilo tuko pamoja.

Mnara_wa_Kati
Naona ufundi umeuteka uzi. Niseme ya uongozaji wa ndege kwa ufupi, kwa kuwa kijana aliitaja.

ICAO inataka miaka 21 kwa leseni kamili, ingawa mafunzo huanza mapema zaidi. Cheti cha afya ni daraja la 3, hudumu miezi 48 na hupungua kuwa 24 ukishavuka miaka 40. Kiingereza cha redio kinapimwa kwa ngazi, ya chini inayokubalika ni ya 4, na mwenye ngazi ya 4 hurudi kupimwa kila miaka 3. Baada ya chuo unaanza mafunzo kwenye kituo chenyewe, ukiongea na ndege za kweli huku mwalimu amekaa pembeni na uwezo wa kukukatiza. Kima cha chini cha ICAO kwa mnara ni saa 90 au mwezi 1, chochote kilicho kirefu. Kwa rada ni saa 180 au miezi 3. Vituo vyenye ndege nyingi huenda mbali zaidi ya hapo.

Wanaoshindwa wengi wanashindwa katika hatua hiyo, wakati nadharia wameshafaulu. Chukua mfano. Ndege iko maili 4 za baharini kabla ya njia ya kutua, kasi yake juu ya ardhi ni noti 140. Itafika kwenye kizingiti baada ya sekunde 103 hivi. Nyingine imesimama pembeni inaomba kuruka. Mwanafunzi anaona nafasi, anairuhusu iingie njiani. Kwenye hesabu inatosha. Lakini ndege ile ni nzito, rubani anachukua sekunde 40 kuingia na kujipanga, injini zinapanda taratibu, na ikianza kukimbia ile inayotua imebakiza maili moja na ushei. Matokeo yake inaamriwa kupaa tena. Alijua kanuni zote, alichokosa ni kuuliza mapema: "uko tayari kuondoka mara moja?" Mwalimu akiona mwanafunzi anaendelea kufanya uamuzi sekunde 20 baada ya wakati wake, wiki baada ya wiki, mafunzo yanasitishwa.

Na jambo ambalo halitangazwi: ukihamia mnara mwingine, unaanza mafunzo ya kituo upya. Leseni unayo, haki ya kukalia kiti kile huna.

Spana_13
Nilisikia mwenye miwani hachukuliwi kabisa.

Mnara_wa_Kati
Miwani inaruhusiwa. Kila jicho lifike 6/9 na yote pamoja 6/6, kwa miwani au bila. Kinachoangusha zaidi ni kutotofautisha rangi, na hilo miwani haitibu. Lipime kwa daktari wa anga kabla ya kulipa ada.

Mlango_wa_Pili_Kushoto
Kwa upande wa wahudumu, nikuambie moja tu kabla hujalipa chuo chochote, mdogo wangu. ICAO haina leseni ya mhudumu wa ndege. EASA wanatoa cheti cha uhudumu baada ya mafunzo ya awali na mtihani, kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, na baadhi ya nchi zina chao. Kwingine mafunzo yote ni ya shirika lililokuajiri. Kwa hiyo chuo kinachokuuzia "leseni ya uhudumu" kiulize: imetolewa na mamlaka ipi, chini ya kanuni ipi? Kama jibu ni cheti cha chuo chenyewe, hicho ni cheti cha mahudhurio.

Hata ukiwa na cheti kinachotambulika, shirika litakufundisha upya aina zake za ndege: kila aina ya mlango unaufungua kwa mkono wako, kwa hali ya kawaida na ya dharura. Ndege hupata idhini baada ya kuthibitishwa kwamba abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kupitia nusu ya milango, na idadi ya wahudumu, kwa kawaida mmoja kwa kila viti 50, imefungamana na hesabu hiyo. Wahudumu wapo kwanza kwa ajili ya hilo, chakula kinafuata.

Kosa linalojirudia ni telezo la dharura kufumka uwanjani. Wenzo wa telezo unawekwa tayari kabla ya ndege kuondoka na unaondolewa ikifika. Mhudumu akiwa anaongea na abiria, anajibu "tayari" kwenye simu ya ndani bila kuutazama wenzo, kisha anafungua mlango. Telezo linafumka kwa sekunde chache kwa nguvu ya kuweza kumuua mtu aliyesimama nje, na ndege inabaki chini. Ndiyo maana kila mlango unakaguliwa na mtu wa pili kwa macho yake, na wakati wa kuugusa wenzo hakuna mazungumzo mengine.

Kipanga_Mweusi
Urefu je? Nasikia wanapima kwa futi.

Mlango_wa_Pili_Kushoto
Mashirika mengi yanapima ncha za vidole zinafika wapi ukisimama kwa vidole vya miguu, mara nyingi karibu sentimita 210, kwa sababu vifaa vya dharura viko juu ya viti. Kila shirika lina namba yake.

Chipukizi_wa_Anga
Nimeamua ufundi, B1.1. Kuna vyuo viwili nimevipata. Kimoja kinasema kozi imeidhinishwa, kingine kinasema "mtaala unafuata viwango vya kimataifa" na ni nafuu kwa zaidi ya nusu. Tofauti ni nini?

Mkaguzi_Kimya
Tofauti ni miaka 3. Kozi kamili iliyoidhinishwa kwa B1.1 ni saa 2,400, na nadharia inachukua asilimia 50 hadi 60 ya saa hizo. Inayobaki ni vitendo. Hiyo ndiyo inakufanya udaiwe uzoefu wa miaka 2 tu. Kozi "inayofuata viwango" bila idhini inaweza kukufundisha vizuri sana, lakini mbele ya mamlaka unahesabika kama asiye na kozi: unafanya mitihani kwingine, na unadaiwa miaka 5.

Waombe namba ya idhini, kisha uitafute kwenye orodha ya mamlaka ya anga iliyoitoa. Usiridhike na nakala iliyotundikwa ukutani. Idhini huandika madaraja, na chuo kinaweza kuwa na idhini ya A tu huku kikitangaza B1.1.

Nati_na_Bolti
Na waulize wanafunzi wao wanafanya vitendo wapi, kwenye ndege gani. Kama karakana ina injini moja ya pistoni juu ya stendi, huwezi kujifunzia tabaini hapo. Nakushauri chuo chenye mkataba na kampuni ya matengenezo, hata kama ada ni kubwa zaidi.

Spana_13
Je, mtu akienda chuo cha bei nafuu, akafanya mitihani mahali panapokubalika, na huku ameajiriwa kama msaidizi hangani, si miaka 5 inahesabika huku analipwa? Mimi nina familia, siwezi kukaa darasani bila kipato.

Nati_na_Bolti
Inawezekana, na kwa hali yako pengine ndiyo njia. Kwako inaweza hata kuwa miaka 3 kama cheti chako kitakubalika. Jihadhari na mitihani tu: matokeo ya moduli zote yanatakiwa yawe ndani ya miaka 10 kabla ya kuomba leseni. Watu hufaulu moduli sita, kazi inawabana, wanarudi wakakuta za mwanzo zimeisha muda. Anza na ngumu, ya 11 ya muundo na mifumo ya ndege na ya 15 ya injini za tabaini, kabla uchovu haujaingia.

Mkaguzi_Kimya
Mimi ningemwambia aanze na hesabu, fizikia na umeme, kwa sababu ya 11 na ya 15 zimejengwa juu ya hizo. Asiyeelewa shinikizo na mtiririko wa hewa atakariri kompresa bila kujua kwa nini inakosa hewa.

Nati_na_Bolti
Mtu aliyefungua injini za dizeli miaka 7 shinikizo analijua, mkuu.

Spana_13
Shinikizo nalijua. Umeme ndio sijui. Nitaanza na moduli ya 3, nikishapata ile orodha ya masomo kutoka chuoni nitairusha hapa muione kabla sijaipeleka.

Mkaguzi_Kimya
Irushe. Futa jina na namba ya usajili wako kwanza.